Amoksilini ya sikio la mtoto: saa moja asubuhi, saa moja usiku

Simu iliita saa tano za usiku, siku ya Jumapili. Alikuwa mdogo wangu, yuko Tanga. Mtoto wake, ambaye mimi ni mama yake mkubwa, ana miaka miwili na miezi mitatu. Alianza kulia na kushika sikio la kushoto tangu Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi mama yake akaenda duka la dawa akarudi na chupa ya amoksilini.

"Dada, nimempa siku mbili nzima, sijaruka hata mara moja, na homa bado iko palepale. Sasa hivi nimekuta foronya imelowa kitu cha njano."

Nilimwambia achukue chupa, awashe taa, anisomee kila kilichoandikwa. Mbele ya chupa pameandikwa 125 mg/5 ml. Kwenye karatasi iliyobandikwa kwa mkono pameandikwa 5 ml x 3. Nikamuuliza uzito wa mtoto. Akasema kadi ya kliniki inaonyesha kilo kumi na nusu, ila kipimo hicho ni cha miezi mingi iliyopita.

Mimi nafanya kazi kwenye dirisha la dawa, na maandishi hayo, mililita tano mara tatu, nimeyaona kwenye chupa nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mtoto wa miezi minane anaandikiwa hivyo, wa miaka minne anaandikiwa hivyo, mwenye kidonda mguuni na mwenye sikio vilevile. Ndiyo maana nimeamua kuandika hesabu ya usiku ule yote, hatua kwa hatua, kwa sababu mama aliyefuata maelekezo bila kukosea alikuwa anampa mwanawe dawa pungufu ya nusu ya aliyohitaji.

Shida moja inaanzia kwenye neno lenyewe. Sisi tunasema "dozi" kwa mambo matatu tofauti. Tukimwambia mtu amalize dozi, tunamaanisha siku zote za matibabu. Tukisema dozi ya mtoto huyu kwa siku, tunamaanisha jumla ya dawa inayoingia mwilini kuanzia asubuhi hadi asubuhi nyingine. Na tukisema mpe dozi yake ya jioni, tunamaanisha kile anachomeza mara moja. Vitabu vya dawa navyo havikubaliani jinsi ya kuandika: kimoja kitasema miligramu 80 kwa kila kilo kwa siku, kingine kitasema miligramu 40 kwa kila kilo mara mbili kwa siku. Ni kitu kilekile. Lakini aliyesoma 80 akasahau maneno "kwa siku" atampa mtoto mara mbili ya kinachotakiwa, na aliyesoma 40 akadhani ndiyo ya siku nzima atampa nusu. Kabla ya kugusa kikokotoo, mtu ajue kwanza namba aliyoishika ni ya siku au ni ya mara moja.

Kwa maambukizi ya ghafla ya sikio la kati, yale yanayokuja na maumivu, homa, na wakati mwingine usaha uliotoka chini ya siku 14, jumla ya siku ni miligramu 80 hadi 90 kwa kila kilo ya uzito. Jumla hiyo hugawanywa mara mbili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 wa kutibu watoto chini ya miaka mitano unaelekeza amoksilini mara mbili kwa siku kwa siku tano, na vipimo vyake vya makundi ya umri vinafuata hesabu hiyohiyo. Zamani tulifundishwa miligramu 40 kwa kilo kwa siku, imegawanywa mara tatu. Ile "mara tatu" ya kwenye chupa nyingi ni mabaki ya enzi hizo, ila hata ile 40 nayo imepotea njiani, ikabaki mililita tano tu isiyo na uzito wa mtu.

Kwa nini kiwango kilipandishwa? Bakteria anayesumbua zaidi kwenye sikio la kati ni yuleyule anayeongoza kwa kuleta nimonia kwa watoto. Baadhi yao wamebadili zile sehemu za mwili wao ambazo penisilini na ndugu zake hushikamana nazo, kwa hiyo dawa inashika kwa shida. Haijashindwa kabisa, ila inahitaji kuwa nyingi zaidi ili ishike. Na nyuma ya ngoma ya sikio hakuna damu inayopita kwa wingi kama kwenye pafu. Dawa inapenya kidogo kidogo kuingia kwenye majimaji yaliyojaa pale. Ukiongeza kiasi kinachomezwa, kiasi kinachofika kule nacho kinaongezeka.

Na kwa nini mara mbili inatosha, wakati dawa hii haikai sana kwenye damu? Swali hili huulizwa na wanafunzi wanaokuja kujifunza dirishani kwetu, na ni swali zuri. Kwenye damu amoksilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa moja hivi. Kwenye majimaji ya sikio la kati huondoka polepole zaidi. Dawa za familia hii huua bakteria kulingana na muda zinaokaa juu ya kiwango kinachomlemea, na kwa amoksilini inatosha muda huo ufike karibu nusu ya siku. Ukimpa mtoto kiasi kikubwa mara mbili, muda huo unapatikana. Ukimpa kiasi kidogo mara tatu, huenda asiufikie hata kidogo kwa bakteria aliye mgumu, kwa sababu kila mara dawa inapanda kidogo na kushuka kabla haijafika.

Sasa turudi Tanga. Usiku ule nilifanya hesabu mbili kwenye karatasi. Ya kwanza, alichokuwa anapata. Mililita tano za dawa ya 125 ni miligramu 125. Mara tatu ni miligramu 375 kwa siku. Hata kwa ule uzito wa zamani wa kilo kumi na nusu, hiyo ni miligramu 36 hivi kwa kilo. Ya pili, alichotakiwa kupata, hiyo sikuimaliza, kwa sababu sikuwa na uzito wa kweli na sikuwa nimeliona sikio.

Nilimwambia mambo mawili tu kwa usiku ule. Kwanza ampe parasetamoli ya maumivu, kwa sababu antibiotiki haiondoi maumivu siku ya kwanza, na mtoto aliyelia siku tatu anahitaji kulala. Dawa ya maji ya parasetamoli aliyokuwa nayo ni ya 120 mg/5 ml. Kwa miligramu 15 kwa kilo, mtoto wa karibu kilo kumi na nusu anapata mililita sita na nusu, na asirudie kabla ya masaa sita kupita. Pili, asubuhi ampeleke kituo cha afya, akapimwe uzito na sikio likaangaliwe kwa kifaa. Kile cha njano kwenye foronya kilinionyesha kwamba ngoma ya sikio imetoboka na usaha umepata njia. Mara nyingi hapo maumivu hupungua ghafla, na mzazi anaweza kudhani mtoto amepona. Nilimwuliza pia kuhusu uvimbe nyuma ya sikio, sikio kusukumwa mbele, shingo kukaza, degedege, au mtoto kulegea asiweze kunyonya wala kunywa. Angekuwa na kimojawapo ningemwambia atoke usiku uleule. Hakuwa nacho.

Jumatatu asubuhi mizani ya kituo ilisoma kilo 12 kamili. Tabibu aliangalia sikio, akaona usaha, akauliza kama mtoto amewahi kuvimba au kupata vipele vya kuwasha baada ya penisilini. Hakuwahi. Hesabu ikawa hivi: 80 mara 12 ni miligramu 960 kwa siku nzima. Ukigawa kwa mbili, kila mara ni miligramu 480. Chupa ya 250 mg/5 ml ina miligramu 50 katika kila mililita, kwa hiyo 480 ni mililita 9.6. Hakuna mama atakayepima mililita 9.6, na hakuna haja. Unaipandisha hadi mililita 10, ambayo ni miligramu 500, kisha unarudi nyuma kuhakikisha hujavuka: 1,000 kwa siku gawanya kwa kilo 12 ni 83. Iko kati ya 80 na 90. Hapo ndipo unaandika.

Hatua ile ya kurudi nyuma naipenda kuliko zote. Inachukua nusu dakika na inakamata makosa karibu yote. Mtu aliyechukua 960 akaiandika kama kipimo cha mara moja, akirudi nyuma atakuta mtoto anapata 160 kwa kilo, na atashtuka. Amoksilini ni dawa yenye uvumilivu. Kosa hilo mara nyingi huishia kwenye kuhara na kutapika, lakini ikimezwa nyingi mno inaweza kutengeneza chembechembe kwenye mkojo na kuziumiza figo. Na aliyeandika mililita 5 mara tatu za chupa ya 125 angerudi nyuma akakuta 31 kwa kilo, naye angefuta aandike upya.

Mdogo wangu aliuliza kama angeendelea na chupa aliyonayo, aongeze tu kiasi. Kwa hesabu inawezekana. Miligramu 500 kwenye dawa ya 125 ni mililita 20, asubuhi na usiku. Lakini mtoto wa miaka miwili kumeza mililita 20 za dawa ni vita, nusu itaishia kwenye nguo, na kwa siku tano angehitaji chupa mbili za mililita 100. Chupa ya 250 yenye mililita 100 inamtosha kabisa: 20 kwa siku, siku tano, chupa imekwisha. Vilevile kuna vidonge vya miligramu 250 vya kuyeyusha kwenye maji, ambavyo mimi navipenda kwa sababu havina kuchanganya chupa nzima. Kwa mtoto huyu vingekuwa viwili asubuhi, viwili usiku, vikiyeyushwa kwenye maji safi kidogo muda uleule wa kumpa.

Kwenye karatasi yake pakaandikwa 10 ml x 2 x 5/7. Akanipigia kuuliza hiyo tano juu ya saba ni nini. Ni siku tano; tumeizoea sisi wa dirishani, na nadhani tungeacha kuiandika kwenye chupa za watu. Afadhali kuandika: mililita 10 saa moja asubuhi, mililita 10 saa moja usiku, siku tano. Lugha yetu imetusaidia sana hapa. Masaa 12 kwa Kiswahili ni saa ileile inayorudi. Mama hahitaji kuhesabu vidole. Saa moja na saa moja, au saa mbili na saa mbili, na mgawanyo umekaa sawa.

Kuchanganya ndiko hesabu nzuri inakoharibikia. Chupa inakuja na unga, na ina mstari au mshale. Nilimwelekeza kwa simu ya video, na naeleza hapa kama nilivyomweleza. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa. Gonga chupa kwenye kiganja mpaka unga ulioganda chini uachie. Weka maji kama nusu ya njia kwenda kwenye mstari, funga, tikisa kwa nguvu mpaka usione bonge. Kisha weka chini usubiri. Alitaka kuendelea kumwaga maji palepale, nikamzuia, kwa sababu povu lilikuwa limefika kwenye mstari wakati dawa yenyewe ilikuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole. Aliyeamini povu ataacha dawa ikiwa kali kuliko ilivyoandikwa. Povu likishuka, ongeza maji mpaka dawa iguse mstari, tikisa tena.

Wengine wanajaza mpaka shingoni wakidhani ndivyo chupa inavyotakiwa ijae. Chupa ile ina miligramu 5,000 za dawa jumla. Zikiwa kwenye mililita 100, kila mililita 10 ina 500. Zikiwa kwenye mililita 120, kila mililita 10 ina 417 hivi. Mtoto wetu angeshuka hadi miligramu 69 kwa kilo, na mama yake asingekuwa na njia ya kujua, maana rangi ni ileile na utamu ni uleule. Na chupa isipotikiswa kila mara kabla ya kupima, unga unatuama: siku za mwanzo mtoto anakunywa maji matamu, siku za mwisho anakunywa dawa nzito.

Kijiko nacho. Siku moja nilichukua vijiko vya chai vya nyumbani kwangu, nikavijaza maji kutoka kwenye bomba la sindano. Kimoja kilijaa kwa mililita 3, kingine kikabeba 6. Vyote tunaviita kijiko cha chai. Omba bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano. Ni la bei ndogo. Mlaze mtoto kidogo kichwa kikiwa juu, peleka ncha ya bomba upande wa ndani ya shavu, sukuma mililita mbili mbili ukimwacha ameze. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia kipimo kile. Ukisahau, mpe ukikumbuka, lakini kama saa ya kipimo kinachofuata imekaribia, ruka kile kilichopita, usijumlishe viwili kwa pamoja.

Niseme pia mahali ambapo hesabu hii haiingii. Mtoto chini ya miezi miwili mwenye homa au sikio linalotoa usaha ni wa hospitali, si wa chupa ya nyumbani. Sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa mwingine. Hilo linakaushwa kwa utambi wa kitambaa safi mara tatu kwa siku na kuwekewa dawa ya matone itakayoandikwa na tabibu, na amoksilini ya kunywa haitalitibu. Mtoto aliyemaliza amoksilini ndani ya mwezi uliopita anaweza kuhitaji dawa iliyoongezewa kinga dhidi ya bakteria wanaovunja amoksilini. Na hesabu ya kilo haipandi bila mwisho: mtoto wa kilo 20 na kuendelea kwa kawaida huandikiwa gramu 1 asubuhi na gramu 1 usiku, basi. Tena kuna watoto wakubwa kidogo, zaidi ya miaka miwili, wenye maumivu madogo ya sikio moja bila homa kali wala usaha, ambao tabibu anaweza kuwapa dawa ya maumivu peke yake na kuwaangalia kwa siku mbili tatu, maana wengi wao hupona wenyewe. Uamuzi huo unafanywa na aliyeliangalia sikio.

Siku tano nazo zinaulizwa sana, hasa na walio na ndugu Marekani, ambako mtoto wa chini ya miaka miwili huandikiwa siku kumi. Miongozo imetofautiana hapo. Kwetu tunafuata siku tano, kwa sharti kwamba mtoto arudi kama homa au maumivu bado yapo baada ya siku mbili hadi tatu za kipimo sahihi. Siku mbili za mwanzo za mdogo wangu, zile za miligramu 375, hatukuzihesabu. Tulianza siku ya kwanza Jumatatu asubuhi.

Jumanne usiku homa ilikuwa imeisha. Jumatano alihara mara tatu, choo laini, hakina damu, anacheza. Nikamwambia aendelee na dawa na ampe maji zaidi. Ijumaa saa moja usiku alinitumia picha ya chupa ikiwa tupu, imebaki ute mweupe ukutani.

Baada ya wiki mbili akanipigia tena. Sikio kavu, hakuna homa, lakini mtoto akiitwa kutoka chumba cha pili hageuki. Nilimweleza kwamba majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma wiki kadhaa, hata miezi mitatu, baada ya bakteria kwisha, na hayo hayatibiwi kwa chupa nyingine ya amoksilini. Tumeweka tarehe ya kumrudisha kituoni sikio likaangaliwe tena, na kama miezi mitatu itapita bado hageuki, apelekwe kupimwa usikivu. Kwa sasa mama yake anamwendea mbele, anachuchumaa, anaongea akimtazama usoni.